Kila kundi lilipanda, jumla ikashuka: kisa cha duka la vyombo

Tarehe 2 Septemba, saa nne usiku, bosi alinitumia picha ya skrini yenye namba mbili alizozizungushia wino mwekundu: 4.5 na 3.25. Chini yake ameandika, "Mdogo wangu, ukurasa mpya wa malipo unatuua. Kesho asubuhi rudisheni ule wa zamani."

Duka lenyewe ni la vyombo vya jikoni, liko Kariakoo, na lina tovuti inayopokea oda za Dar na mikoani. Kazi yangu pale ilikuwa kutunza hesabu za tovuti. Namba nitakazozitaja nimezizungusha ili zisomeke kwa urahisi na ili duka lisijulikane, ila uwiano wake ni ule ule.

Namba alizozizungushia bosi ni zile ambazo watu wa masoko huziita konvesheni: katika kila ziara 100 zinazofanywa kwenye tovuti, ngapi zinaishia kwenye oda iliyolipwa. Julai zilikuwa 4.5, Agosti zikawa 3.25. Kwa macho ya mfanyabiashara huo ni msiba, maana zaidi ya robo ya kiwango imepotea ndani ya mwezi mmoja. Na mwezi huo huo, tarehe 1 Agosti, tulikuwa tumebadilisha ukurasa wa malipo. Zamani mteja alitakiwa kunakili Lipa Namba, atoke kwenye tovuti, apige menyu ya mtandao wake wa simu, aandike kiasi, kisha arudi kututumia picha ya muamala kwa WhatsApp. Ukurasa mpya ulimtaka aandike namba yake ya simu tu, na menyu ya kuweka namba ya siri ikamtokea yenyewe. Hatua sita ziligeuka kuwa mbili. Kwa hiyo nilipoisoma ile amri ya usiku nilishangaa. Mtu akifupishiwa njia ya kulipa, ndiyo apunguze kununua?

Kabla ya kurudisha chochote nilifanya jambo ambalo picha ya bosi haikulifanya, yaani kuzigawa zile ziara kwa mahali zilikotoka. Sisi tulikuwa na milango mitatu. Wa kwanza ni wateja wa kurudi, wanaofungua tovuti moja kwa moja au kupitia kiungo tunachowatumia WhatsApp. Wa pili ni watu wanaotafuta kitu Google, tuseme "sufuria za kupikia pilau", wakatuona. Wa tatu ni watu waliobonyeza tangazo letu la Instagram.

| Mlango | Julai: ziara | Julai: oda | Kiwango | Agosti: ziara | Agosti: oda | Kiwango |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Wateja wa kurudi | 8,000 | 640 | 8.0% | 8,000 | 720 | 9.0% |
| Google | 7,000 | 210 | 3.0% | 8,000 | 280 | 3.5% |
| Instagram | 5,000 | 50 | 1.0% | 24,000 | 300 | 1.25% |
| Jumla | 20,000 | 900 | 4.5% | 40,000 | 1,300 | 3.25% |

Nililitazama jedwali hili mara tatu nikidhani nimekosea kunakili. Kila mstari umepanda: nane imekuwa tisa, tatu imekuwa tatu na nusu, moja imekuwa moja na robo. Mstari wa mwisho, ambao hauna kitu chochote ndani yake isipokuwa mistari mitatu ya juu, umeshuka. Nikajumlisha upya kwa kalamu. Hesabu ni sahihi.

Siri iko kwenye safu ambayo watu huiruka, ile ya ziara. Julai, Instagram ilileta robo ya ziara zote. Agosti ikaleta asilimia 60. Ziara za wateja wa kurudi hazikupungua hata moja, zilibaki 8,000, ila sehemu yake katika umati ilitoka asilimia 40 hadi 20. Kiwango cha jumla si kitu kinachoishi peke yake. Ni viwango vitatu vilivyochanganywa, na kila kimoja kinaingia kwenye mchanganyiko kwa uzito wa ziara zake. Agosti tulimimina kwenye chungu kiasi kikubwa cha ziara za aina inayonunua mara chache kuliko zote, na ladha ya chungu kizima ikafuata.

Nikakumbuka kwamba mwishoni mwa Julai kijana wetu wa masoko aliongezewa bajeti ya matangazo kwa shilingi milioni tatu. Kwa hiyo Agosti yalibadilika mambo mawili kwa pamoja, ukurasa na umati. Bosi alikuwa amemshtaki mmoja kwa kosa la mwingine.

Asubuhi nilimkuta dukani. Sikumwonyesha jedwali kwanza, kwa sababu kaka huyu ameuza vyombo Kariakoo kwa miaka mingi kabla hajajua tovuti ni nini, na nilijua ana jedwali lake kichwani. Nikamuuliza, "Kaka, mvua kubwa ikinyesha mchana, duka linakuwaje?"

"Linajaa. Wanajikinga."

"Katika watu mia waliomo ndani saa hiyo, wangapi wananunua?"

"Wawili, watatu. Siku ya kawaida wanaweza kufika kumi."

"Kwa hiyo siku ya mvua muuzaji wako amekuwa mbovu?"

Alicheka, akasema hapana, muuzaji ni yule yule, na tena siku ya mvua anauza zaidi kidogo kwa sababu katika wale wanaojikinga hakosekani anayeona chujio la chai akalikumbuka. Hapo ndipo nilipomwonyesha safu ya oda: 900 Julai, 1,300 Agosti. Kiwango kimeshuka, mauzo yamepanda. Ukurasa wa malipo ukaokoka, angalau kwa siku ile.

Lakini swali lake lililofuata lilikuwa la haki kabisa, na ndilo linalotenganisha kuueleza mkanganyiko huu na kuupima: "Sawa, basi ukurasa umetusaidia kiasi gani?"

Binti wa uhasibu alipendekeza tuchukue wastani wa viwango vitatu. Julai 8, 3 na 1 zinatoa 4.0, Agosti 9, 3.5 na 1.25 zinatoa 4.58. Mwelekeo ni sahihi, ila wastani huo unaupa kila mlango uzito sawa, kana kwamba theluthi ya watu wetu hutoka kila upande, jambo ambalo halijawahi kutokea Julai wala Agosti. Ni namba ya duka ambalo halipo.

Njia inayofaa ni kuushikilia umati usisogee, halafu uache viwango pekee vibadilike. Unajiuliza: kama Agosti wangekuja watu wa mchanganyiko ule ule wa Julai, tungepata kiwango gani? Unachukua uzito wa Julai (0.40, 0.35, 0.25) na kuuzidisha kwa viwango vya Agosti:

```
0.40 × 9.0 + 0.35 × 3.5 + 0.25 × 1.25 = 5.14
```

Kwenye Excel, ukiweka uzito kwenye safu ya B na viwango kwenye safu ya C, ni mstari mmoja tu:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4, C2:C4)
```

Kwa hiyo kwa umati wa Julai, duka lingepanda kutoka 4.5 hadi 5.14, yaani pointi 0.64. Kilichobaki, kutoka 5.14 kushuka hadi 3.25, ni pointi 1.89 zilizoliwa na mabadiliko ya umati. Ukizijumlisha, 0.64 juu na 1.89 chini, unapata pointi 1.25 zile zile zilizomnyima bosi usingizi. Nilizipenda namba hizi kwa sababu zinafunga hesabu bila kubakiza senti.

Ila hapa pana jambo ambalo wachambuzi wengi hulinyamazia. Ningeweza kuanzia upande wa pili: nichukue umati wa Agosti na niulize kama ukurasa wa zamani ungekuwepo ingekuwaje. Uzito wa Agosti (0.20, 0.20, 0.60) mara viwango vya Julai unatoa 2.8. Kwa njia hii ukurasa umeongeza kutoka 2.8 hadi 3.25, pointi 0.45, na si 0.64. Ipi ya kweli? Zote mbili, kwa sababu zinajibu maswali mawili tofauti. Ukurasa umewanufaisha zaidi wateja wa kurudi, pointi nzima moja, na wateja hao walikuwa wengi kwa sehemu Julai kuliko Agosti. Ukitaka kujua faida ya ukurasa kwa umati ulionao sasa, tumia uzito wa sasa. Ukitaka kulinganisha miezi mingi kwa mfululizo, chagua uzito wa mwezi mmoja na usiubadilishe. Kosa ni kuchagua baada ya kuona ipi inapendeza. Mimi nilimpa bosi ile ya 0.45, kwa sababu aliuliza habari za duka alilonalo leo.

Mkanganyiko huu una jina. Watakwimu huuita kitendawili cha Simpson, kwa sababu ya makala ya Edward Simpson ya mwaka 1951, ingawa Udny Yule alikuwa ameshaugusa mwaka 1903. Mfano unaofundishwa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye maombi ya shahada za juu ya mwaka 1973. Wanaume waliokubaliwa walikuwa asilimia 44, wanawake asilimia 35, na ikaonekana chuo kinawabagua wanawake. Walipoigawa takwimu kwa idara, ubaguzi wa namna hiyo haukuonekana. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na wanawake kuomba kwa wingi idara zinazowakataa waombaji wengi, wa kike na wa kiume. Kilichoamua pale, kama kwetu, ni nani alipanga foleni ya mlango gani.

Turudi Kariakoo, maana baada ya bosi kutulia, mimi ndiye nilianza kutokuwa na amani. "Kila kundi limepanda" ni sentensi tamu, na sentensi tamu kwenye takwimu inastahili kuonjwa mara ya pili.

Kwanza, je, kupanda kwenyewe ni kweli au ni bahati? Chukua Instagram. Oda 50 za Julai ni chache. Hesabu ndogo kama hiyo inayumba kwa bahati tu kwa kiasi cha saba hivi juu au chini, kipeuo cha pili cha 50, bila mtu yeyote kugusa tovuti. Nilipokokotoa kosa sanifu, yaani kiasi ambacho tofauti kati ya 1.0 na 1.25 inaweza kuyumba kwa bahati tu, nilipata karibu 0.16. Tofauti yenyewe ni 0.25. Kwa kawaida tunataka tofauti iwe angalau mara mbili ya kosa lake kabla ya kuiamini, na hii haikufika. Google nayo ilikuwa hivyo hivyo, 0.5 dhidi ya kosa la 0.29. Wateja wa kurudi peke yao ndio walivuka, pointi 1.0 dhidi ya 0.44. Kwa hiyo kama ningelazimika kula kiapo kuhusu kila mlango mmoja mmoja, ningeapa kwa mmoja tu. Lakini milango mitatu ikisogea upande mmoja kwa pamoja, ushahidi unajumlishwa. Ile pointi 0.64 ya jumla iliyosawazishwa ina kosa la karibu 0.21, yaani tofauti ni mara tatu ya kosa. Hiyo ninaisimamia. Hii ndiyo sababu sipendi kuigawa takwimu vipande kumi na viwili, mlango mara mkoa mara aina ya simu, halafu kushangilia kila kipande kilichopanda. Ukikata nyembamba vya kutosha, kila kipande kitakusimulia hadithi yake, na nyingi zitakuwa za uongo.

Pili, na hili lilinichukua siku mbili, ni nani hasa anahesabiwa kuwa wa Instagram? Mfumo wetu ulimweka mtu kwenye mlango aliopitia mara ya mwisho. Mama wa Mbagala aliyenunua kwetu mara nne, akiliona tangazo Instagram akalibonyeza, anaandikwa Instagram. Tena tangazo hufunguka kwenye kivinjari cha ndani ya Instagram yenyewe, ambacho hakina kumbukumbu za kivinjari chake cha kila siku, kwa hiyo tovuti inamwona mgeni kabisa. Tangazo likitapakaa zaidi, linawafikia zaidi na watu wetu wa zamani. Mteja anayenunua kwa kasi ya asilimia 9 anahamia kwenye kundi linalonunua kwa asilimia 1, na kundi linapanda bila ukurasa wa malipo kuhusika.

Waliolipa wote tulikuwa na namba zao za simu, hivyo nikazilinganisha na daftari la oda za nyuma. Julai, kati ya oda 50 za Instagram, nane zilikuwa za wateja wa zamani. Agosti zilikuwa 66 kati ya 300. Ukiwatoa, Julai inabaki oda 42 kwa ziara 5,000, ambayo ni 0.84, na Agosti oda 234 kwa ziara 24,000, ambayo ni 0.98. Bado imepanda, ila kwa nusu tu ya ile robo pointi niliyojivunia mbele ya bosi. Hata hii si safi. Niliweza kuwatoa wateja wa zamani waliolipa, si wale waliochungulia wakaondoka, kwa sababu asiyelipa haachi namba. Hapo daftari linaishia.

Na ni utafutaji huu uliofungua swali ambalo mfano wangu wa mvua ulikuwa umelificha. Mvua hunyesha bure. Umati wa Instagram tuliununua.

Milioni tatu za nyongeza zilileta oda 250 zaidi kupitia mlango ule, kutoka 50 hadi 300. Gawanya, unapata shilingi 12,000 kwa oda moja. Faida ghafi yetu kwa oda ya kawaida ilikuwa kama 15,000, kwa hiyo kijana wa masoko alikuwa na haki ya kutabasamu. Lakini kati ya hizo 250, oda 58 ni za wateja wa zamani walioongezeka, kutoka nane hadi 66, watu ambao wengi wao wangekuja kwa mlango wao wa kawaida bila kulipiwa. Wapya ni 192. Milioni tatu kwa 192 ni 15,625. Kila mteja mpya alitugharimu zaidi ya alichotuachia kwenye oda yake ya kwanza. Kama angerudi mara ya pili ingelipa, ila mwanzoni mwa Septemba hakuna aliyeweza kujua.

Kwa hiyo ule mshuko wa kutoka 4.5 hadi 3.25 haukuwa taarifa ya ukurasa wa malipo hata kidogo. Ulikuwa taarifa ya matangazo, na hata kwa matangazo ulikuwa kipimo kibovu, kwa sababu ungeshuka vile vile kama kila oda ya Instagram ingetuletea faida nono. Nilimwandikia bosi mistari miwili: ukurasa mpya ubaki, bajeti ya Instagram irudi karibu na ya Julai, na wale wapya wa Instagram tuwafuatilie kwa miezi mitatu tuone wangapi wanarudi. Akakubali yote, ingawa kijana wa masoko hakunisalimia kwa wiki nzima.

Tarehe 1 Oktoba bosi aliingia ofisini na kreti ya soda. Kiwango cha Septemba kilikuwa kimepanda kutoka 3.25 hadi 4.76. Akampongeza fundi wa tovuti, akanipongeza na mimi, akaanza kufungua chupa. Nikafungua jedwali. Wateja wa kurudi walikuwa ziara 8,000 na oda 704, sawa na 8.8. Google 8,000 na oda 272, sawa na 3.4. Instagram, baada ya kupunguzwa, ziara 6,000 na oda 72, sawa na 1.2. Kila mstari ulikuwa umeshuka kidogo, kiasi ambacho bahati pekee inatosha kukieleza, na oda zote zilikuwa 1,048 dhidi ya 1,300 za Agosti.

Nilimgeuzia skrini. Alisoma mstari kwa mstari kidole kikiwa juu ya kioo, akafika chini, akarudi juu.

"Kwa hiyo mwezi huu hatujafanya chochote?"

"Mvua imepungua tu, kaka."

Aliitazama kreti, akasema basi tunywe, zimeshafunguliwa.